Kupima Viwango vya Uchanjaji kwa Kundi la Umri na Kijiji na Kuandaa Orodha ya Watoto Waliokosa Dozi kwa Ajili ya Mhudumu wa Afya Ngazi ya Jamii

Ikisiri

Zahanati za vijijini nchini Tanzania hutuma kila mwezi idadi ya dozi za chanjo zilizotolewa. Idadi hiyo haionyeshi ni mtoto yupi amekosa dozi, anaishi wapi, na alikosa lini. Makala hii inafafanua namna rejesta ya watoto inavyoweza kutumika kukokotoa viwango vya uchanjaji kwa kila kundi la umri na kila kijiji, kisha kuzalisha orodha ya watoto wa kufuatiliwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Hoja kuu ni kwamba hesabu na orodha ni kazi moja: orodha inaporudi kutoka vijijini hurekebisha hesabu iliyoizalisha. Takwimu zote za vijiji A, B na C zimetungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Hazitokani na zahanati yoyote.

1.0 Utangulizi

Kwa mujibu wa ratiba ya chanjo ya Tanzania, mtoto hupewa BCG na matone ya polio mara anapozaliwa. Anapofikisha wiki 6, 10 na 14 hupewa dozi tatu za chanjo ya pentavalenti, ambayo kwenye kadi huandikwa Penta, pamoja na chanjo nyingine zinazotolewa siku hizohizo. Penta humkinga dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Himofilasi aina ya b. Chanjo ya surua na rubela, yaani MR, hutolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Makala hii inatumia Penta na MR tu kwa kuwa dozi hizo zinatosha kuonyesha mtoto alivyosafiri katika ratiba: Penta ya kwanza huonyesha kama huduma ilimfikia, Penta ya tatu huonyesha kama alirudi, na MR huonyesha kama familia iliendelea kuja kliniki baada ya miezi ya mwanzo.

Tatizo linaloshughulikiwa linatokana na namna taarifa zinavyosafiri. Katika zahanati, kila mtoto ana mstari wake kwenye rejesta ya MTUHA ya watoto. Taarifa inapopanda kwenda wilayani, mistari hiyo hujumlishwa na kuwa idadi ya dozi. Mwisho wa mwezi, ofisi ya wilaya hujua kwamba dozi 30 za Penta ya tatu zimetolewa, lakini haijui ni watoto gani 6 hawakuja. Mtu pekee anayeweza kugonga mlango wa watoto hao ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naye hawezi kugonga mlango kwa kutumia asilimia. Anahitaji jina, kitongoji na dozi inayokosekana.

2.0 Nani Anahesabiwa

Kiwango cha uchanjaji ni sehemu yenye kiasi na asili. Kiasi ni watoto waliopata dozi. Asili ni watoto waliostahili kuwa wameipata. Makosa mengi ya kukokotoa hutokea katika asili.

Kosa la kwanza ni kuwaingiza watoto ambao umri wao haujafika. Mtoto wa wiki 8 hajakosa Penta ya tatu, kwa kuwa wakati wake haujatimia. Akiingizwa katika asili, kiwango kitashuka bila sababu, na orodha itamtuma mhudumu kwa mama ambaye hana kosa lolote. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu, ni lazima kuweka tarehe ya kupimia na muda wa subira. Katika makala hii tarehe ya kupimia ni 30 Juni 2024, na muda wa subira ni siku 28 baada ya siku ambayo dozi ilipaswa kutolewa. Muda huo unatoa nafasi ya kliniki moja ya mwezi kupita bila mtoto kuitwa mkosaji.

Uamuzi huo ndio unaopanga makundi ya umri. Mtoto hufikisha wiki 14 baada ya siku 98. Ukiongeza siku 28 unapata siku 126, yaani zaidi kidogo ya miezi 4. Kundi la kwanza linaloweza kupimwa kwa Penta ya tatu bila utata ni hivyo la miezi 5 hadi 11. Kundi la miezi 12 hadi 23 hupimwa kwa Penta ya tatu na MR ya kwanza. MR ya pili hupimwa katika kundi la miezi 24 hadi 35, kwa sababu sehemu ya watoto wa miezi 12 hadi 23 bado hawajafikisha miezi 18.

Kosa la pili ni kuhesabu kiasi kwa mahali mtoto alipochanjiwa ilhali asili inahesabiwa kwa mahali anapoishi. Kijiji chenye zahanati hupokea watoto wa vijiji jirani. Dozi zao zikihesabiwa kuwa za kijiji hicho, kiwango chake kinaweza kupita asilimia 100, na kijiji jirani kikaonekana kimeachwa. Asilimia 105 haimaanishi kazi nzuri kupita kiasi. Inamaanisha kwamba kiasi na asili havizungumzii watoto walewale. Kanuni inayofuatwa hapa ni kwamba mtoto huhesabiwa katika kijiji anachoishi, popote alipodungwa sindano.

3.0 Mfano wa Vijiji Vitatu

Jedwali lifuatalo linahusu watoto wa miezi 12 hadi 23, yaani waliozaliwa kati ya 1 Julai 2022 na 30 Juni 2023, katika eneo la zahanati moja ya kubuni.

| Kijiji | Watoto | Penta 1 | Penta 3 | MR 1 |
|---|---|---|---|---|
| A | 80 | 78 (97.5%) | 74 (92.5%) | 70 (87.5%) |
| B | 50 | 48 (96.0%) | 36 (72.0%) | 31 (62.0%) |
| C | 20 | 13 (65.0%) | 12 (60.0%) | 11 (55.0%) |
| Jumla | 150 | 139 (92.7%) | 122 (81.3%) | 112 (74.7%) |

Mstari wa jumla unaonyesha hali ya wastani ambayo haipo katika kijiji chochote kati ya vitatu. Kijiji A kinakaribia kukamilisha. Vijiji B na C vyote viko chini, lakini kwa sababu zinazotofautiana, na tofauti hiyo huonekana tunapokokotoa sehemu ya watoto walioishia njiani: Penta 1 kutoa Penta 3, kisha kugawanya kwa Penta 1. Kijiji A ni 4 kwa 78, yaani asilimia 5.1. Kijiji B ni 12 kwa 48, yaani asilimia 25. Kijiji C ni 1 kwa 13, yaani asilimia 7.7. Kwa kawaida, kiwango kinachozidi asilimia 10 huchukuliwa kuwa dalili ya tatizo la kurudi kliniki.

Kwa hiyo, katika Kijiji C wanaofikiwa hurudi. Tatizo ni kwamba watoto 7 kati ya 20 hawakufikiwa kabisa. Hao ndio wanaoitwa watoto wasio na dozi hata moja, kwa kipimo kinachotumia Penta ya kwanza. Kuwakumbusha mama wa Kijiji C tarehe ya kliniki hakutasaidia sana. Kinachohitajika ni huduma ya mkoba ifike huko. Katika Kijiji B karibu kila mtoto alianza, lakini robo waliishia njiani. Huko ufuatiliaji wa nyumba kwa nyumba ndio unaofaa. Inafaa pia kukumbuka kwamba katika Kijiji C mtoto mmoja ni sawa na asilimia 5; mabadiliko kutoka asilimia 60 hadi 65 katika robo mwaka yanaweza kuwa ni familia moja tu iliyofika kliniki.

Mgawanyo wa umri unaongeza jambo ambalo jedwali la kijiji peke yake halisemi. Tuchukue Penta ya tatu katika Kijiji B. Watoto wa miezi 5 hadi 11 ni 30, na 27 wamekamilisha, sawa na asilimia 90. Wa miezi 24 hadi 35 ni 45, na 40 wamekamilisha, sawa na asilimia 88.9. Kundi la kati peke yake ndilo lenye asilimia 72. Kama tatizo lingekuwa mila au umbali wa kudumu, makundi yote matatu yangeathirika. Hapa kuna jambo lililotokea kwa muda na kupita.

Orodha ya watoto 12 walioishia njiani ikipangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, inaonyesha kwamba 9 kati yao walizaliwa kati ya Desemba 2022 na Februari 2023. Wiki zao za 14 ziliangukia kati ya Machi na mwanzoni mwa Juni 2023, yaani wakati wa masika. Katika mfano huu, kivuko cha kwenda zahanati kilisombwa na maji msimu huo na kikajengwa upya baadaye. Taarifa za mwezi za mwaka 2024 haziwezi kuonyesha jambo hili, kwa sababu zinahesabu watoto wachanga wa sasa, ambao njia yao iko wazi. Kivuko kimerudi; watoto 9 hawajarudi. Wanatembea kijijini wakiwa na kinga pungufu, na hakuna mstari wowote wa taarifa unaowataja.

4.0 Kuzalisha Orodha

Rejesta ikiwa imeingizwa katika hifadhidata, orodha hupatikana kwa kulinganisha dozi alizostahili mtoto na dozi alizopata. Jedwali la `watoto` lina mstari mmoja kwa kila mtoto, `dozi` lina mstari mmoja kwa kila dozi iliyotolewa, na `ratiba` lina jina la kila chanjo na umri wake kwa siku: 42, 70 na 98 kwa dozi tatu za Penta, 270 kwa MR ya kwanza na 540 kwa MR ya pili. Katika PostgreSQL swali huandikwa hivi:

```sql
SELECT w.kijiji, w.kitongoji, w.namba,
       w.kuzaliwa, r.chanjo
FROM watoto w
JOIN ratiba r
  ON w.kuzaliwa + r.umri_siku + 28 <= DATE '2024-06-30'
LEFT JOIN dozi d
  ON d.namba = w.namba AND d.chanjo = r.chanjo
WHERE w.kuzaliwa >= DATE '2021-07-01'
  AND d.namba IS NULL
ORDER BY w.kijiji, w.kitongoji, w.namba, r.umri_siku;
```

Sehemu ya kwanza huunda dozi zote ambazo kila mtoto alistahili, subira ikiwa imezingatiwa. `LEFT JOIN` huweka kando ya kila dozi inayostahili ile iliyotolewa, na kuacha nafasi tupu pale isipokuwepo. Sharti la mwisho hubakiza nafasi tupu tu.

Kosa la kawaida ni kutumia `JOIN` badala ya `LEFT JOIN` wakati wa kukokotoa viwango. Swali hutoa majibu bila kulalamika, lakini mtoto asiye na dozi yoyote hana mstari katika `dozi`, hivyo hutoweka kwenye kiasi na kwenye asili pia. Kijiji C kingeonekana kuwa na watoto 13 tu, na kiwango chake cha Penta ya kwanza kingekuwa asilimia 100. Namna ya kuligundua kosa hili ni rahisi: jumla ya watoto wa vijiji vyote katika matokeo lazima ilingane na idadi ya mistari ya rejesta. Kwa zahanati isiyo na kompyuta, kazi hiyohiyo hufanyika kwa kupitisha rula kwenye rejesta na kunakili kila mstari wenye kisanduku kitupu ambacho siku yake imepita.

5.0 Orodha Inayoweza Kutumika

Matokeo ya swali si orodha ya mhudumu bado. Yana mstari kwa kila dozi, ilhali mhudumu hutembelea kaya. Dozi zote za mtoto mmoja huwekwa kwenye mstari mmoja, na mistari hupangwa kwa kitongoji. Kila mstari uwe na jina la mtoto, jina la mama au mlezi, tarehe ya kuzaliwa, dozi ya mwisho na tarehe yake, dozi zinazokosekana, na siku ya kliniki inayofuata. Pembeni huachwa nafasi ya jibu: kadi inaonyesha alichanjwa, amehama, amefariki, hakupatikana, mlezi hajaridhia, au atakuja.

Chukua mtoto mwenye namba B-07, aliyezaliwa 12 Januari 2023. Alipata Penta ya kwanza tarehe 27 Februari 2023 na hakurudi. Tarehe 30 Juni 2024 ana miezi 17 na anakosa Penta ya pili, Penta ya tatu na MR ya kwanza. Kanuni inayosahaulika mara kwa mara ni kwamba mfululizo hauanzwi upya; dozi aliyopata inabaki kuwa halali hata baada ya miezi 16. Akija kliniki ya 4 Julai, atapata Penta ya pili na MR ya kwanza siku hiyohiyo. Muda mfupi unaoruhusiwa kati ya dozi ni wiki 4, kwa hiyo tarehe 1 Agosti anaweza kupata Penta ya tatu. Tarehe 12 Julai atakuwa ametimiza miezi 18, hivyo MR ya pili nayo inaweza kutolewa 1 Agosti. Mama anayesikia kwamba zinahitajika safari mbili tu huamua tofauti na yule anayedhani ataanza upya. Dozi za chanjo nyingine, ambazo baadhi zina masharti ya umri, huamuliwa na muuguzi akiwa na kadi mkononi. Mhudumu hazitangazi mlangoni.

Kabla ya ziara, mhudumu hupitia orodha pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Sababu ni kwamba rejesta ya chanjo mara nyingi haijui vifo vinavyotokea nyumbani. Mtoto aliyefariki huendelea kuonekana kama mtoto aliyekosa dozi, na mhudumu asiyejua anaweza kumwuliza mama aliyefiwa kwa nini hajamleta mwanawe kliniki. Jambo hilo likitokea mara moja, nyumba nyingi humfungia mlango. Aidha, orodha hubeba taarifa binafsi, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Isiwe na taarifa nyingine za afya za mtoto wala za mama, isibandikwe ukutani, na nakala irudishwe zahanati baada ya kazi.

6.0 Orodha Inaporudi

Katika Kijiji B watoto 14 wa miezi 12 hadi 23 walikuwa hawana Penta ya tatu: 12 walioishia njiani na 2 wasioanza. Tuseme majibu ya mhudumu ni haya: kadi za watoto 3 zinaonyesha walikamilisha kwingine, 2 wamehama, mmoja si mtoto wa pekee, bali ni mstari uliojirudia, na 8 wamekosa kweli.

Mstari uliojirudia unahitaji maelezo. Wakati wa kuzaliwa, mtoto ambaye hajapewa jina huandikwa "Mtoto wa" likifuatiwa na jina la mama. Wiki 6 baadaye huja na jina lake na kufunguliwa mstari mpya. Hapo mtoto mmoja amekuwa wawili: wa kwanza ana BCG na hana kingine chochote, wa pili ana Penta na hana BCG. Dalili yake ni mistari miwili yenye tarehe moja ya kuzaliwa, kitongoji kimoja na mama mmoja, ambayo dozi zake hukamilishana badala ya kurudiana. Mapacha wana dalili tofauti, kwa kuwa kwa kawaida dozi zao hufanana na tarehe zake hulingana.

Baada ya marekebisho, asili inapungua kwa watoto 2 waliohama na mstari mmoja uliojirudia, na kuwa 47. Kiasi kinaongezeka kwa 3 na kuwa 39. Kiwango ni asilimia 83, badala ya 72. Mtafiti anaweza kuvutiwa kuishia hapo, na hilo ndilo kosa la hatua hii. Tumechunguza waliokosa dozi tu, na kila marekebisho ya namna hiyo hupandisha kiwango. Orodha iliyotoka kwenye rejesta haiwezi kumtaja mtoto asiyekuwa kwenye rejesta.

Kwa hiyo mhudumu hupewa kazi ya pili katika ziara ileile: kuuliza, katika kila kaya anayopita, kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kulinganisha jina lake na rejesta. Tuseme anapata watoto 3 wa kundi hili wasioandikwa popote na wasio na dozi yoyote. Asili inakuwa 50 tena, lakini si watoto 50 wa mwanzo. Kiasi kinabaki 39, na kiwango ni asilimia 78. Waliopata Penta ya kwanza, baada ya kuwaondoa waliohama, ni 46, na walioishia njiani ni 7, sawa na asilimia 15.2. Kijiji kina hali bora kuliko ilivyodhaniwa kwa upande mmoja, na mbaya kuliko ilivyodhaniwa kwa upande mwingine: tatizo la kurudi limebaki juu ya asilimia 10, na watoto wasio na dozi, waliodhaniwa kuwa 2, sasa ni 4.

Jambo la mwisho linahusu namna ya kuripoti mafanikio. Watoto wakichanjwa baada ya ufuatiliaji, kiwango kitapanda, lakini hakitabadilisha ukweli kwamba walikaa zaidi ya mwaka bila kinga katika umri ambao kifaduro na surua ni hatari zaidi. Inapendekezwa viandikwe viwango viwili sambamba: waliochanjwa kwa wakati, yaani ndani ya muda wa subira, na waliochanjwa hatimaye. Cha kwanza hupima huduma. Cha pili hupima kinga iliyopo kijijini leo.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba mgawanyo wa kijiji hubainisha aina ya tatizo, na mgawanyo wa umri hubainisha wakati lilipotokea. Imeonyesha pia kwamba orodha ya waliokosa dozi ina mpaka: huwapata walioanza na kuachia njiani, na huwapata walioandikwa bila kuchanjwa, lakini haiwapati wasioandikwa. Mbinu hii inategemea tarehe za kuzaliwa zilizoandikwa kwa usahihi na kadi zilizotunzwa; pale ambapo kadi imepotea, kumbukumbu ya mama hupokelewa lakini huandikwa kando ili isichanganywe na ushahidi wa kadi. Katika mfano wa Kijiji B, kazi iliyobaki baada ya hesabu zote ni watoto 11: wanane waliothibitishwa kukosa dozi na watatu waliogunduliwa. Idadi hiyo inatosha ukurasa mmoja, na mhudumu mmoja anaweza kuimaliza kabla ya kliniki ijayo.